Salamu kwa Mama Siku Aliyopewa Jina

Ko, ko. Mara mbili, jiwe juu ya jiwe, halafu kimya.

Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, katika tembe la mama mkwe wangu. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anapiga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia, anaparaza uwele kwa nguvu za mgongo wake mpaka punje zote zivunjike. Akimaliza kuparaza hakuniita. Alichukua lile jiwe dogo la mkononi akagonga ukingo wa jiwe kubwa: ko, ko. Maana yake, njoo sasa, zamu yako. Mimi nilitoka nikijifunga nguo, napiga magoti mahali alipotoka yeye pakiwa bado na joto, nasaga ule uwele uliokwisha kuvunjika mpaka uwe unga laini. Yeye akaenda kukamua. Tulimaliza kazi yote hiyo bila kusemezana neno, na wala hatukuwa tumegombana. Ndivyo alivyokuwa.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilisoma misheni miaka michache, nikajua kusoma na kuandika na kuimba, na shangazi aliyenilea baada ya mama yangu kufa alisema kwamba hata usingizini nilikuwa nikisimulia. Nikisaga nilikuwa naota mchana kweupe: kwamba siku moja nitapanda gari la moshi nifike bahari, niioshe miguu yangu humo, nirudi. Mama mkwe alikuwa akinitazama nikitabasamu peke yangu mbele ya unga, anatikisa kichwa, anaenda zake. Sikujua kama ananipenda au ananivumilia.

Reli ilipofika Dodoma mume wangu alipata kazi ya kupakia kuni za gari la moshi, tukahamia kwenye mabanda ya udongo karibu na stesheni. Siku ya kuondoka, mama mkwe alitufungia kibuyu cha samli na unga wa kutosha, akatusindikiza mpaka kwenye mbuyu wa njia panda, akasema kwamba watu wa reli ni watu wa kila mtu, basi tuangalie tusije tukawa wageni kwetu. Akageuka. Baada ya hapo hakutuma neno. Mume wangu ndiye mwanawe pekee aliyebaki hai, na baba mkwe alikuwa ameshafariki. Nilielewa kwamba tumemwachia nyumba tupu.

Wakati wa mavuno nikaona tumpelekee salamu. Nikamwendea karani wa stesheni, mtu wa pwani, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza kama ushanga. Nilimwambia nataka barua ya heshima kwa mama mkwe. Akafurahi, akasema kwamba hiyo ndiyo kazi yake hasa. Akaandika barua ndefu. Ndani yake mama mkwe wangu alikuwa jenabu, mavyaa mtukufu, mwezi wa kumi na nne, kivuli cha wenye jua na kisima cha wenye kiu, na salamu zangu kwake zilikuwa nyingi kama mchanga wa pwani. Nilipoisikia nikaona imependeza mno. Nilijiona mimi ni mtu mkubwa.

Ilichukuliwa na mwalimu wa kanisa, yule aliyekuwa akija Dodoma mara kwa mara kusali na vibarua wa reli kisha akarudi misheni, maana kijiji cha mama mkwe kiko karibu na misheni. Yeye ndiye aliyemsomea, kwa sababu mama hajui kusoma. Kiswahili anakijua sana. Tangu ujana wake alikuwa akiwauzia misafara maji na mtama, akajifunza kwa kubishana bei. Mwalimu aliporudi nikamuuliza mama alisemaje. Akasita, akakohoa, akanieleza. Mama alikuwa anapepeta. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani, akasema:

"Salamu nzuri. Mwambie aliyezisema nimezipokea. Sasa na mkamwana wangu naye aniletee zake."

Akaendelea kupepeta.

Mume wangu alicheka aliposikia, akasema huyo ndiye mama yake. Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikalia kidogo, kisha nikafanya ugali.

Hayo yalipita. Masika yalipoanza, nikiwa na mimba kubwa, mwalimu akaja na habari iliyotushangaza wote. Mama mkwe alikuwa akienda darasani misheni tangu mwaka uliotangulia, bila kumwambia mtu, na sasa amekubaliwa: Jumapili ya Pasaka atabatizwa. Mume wangu alikaa chini juu ya gogo. Mama yake huyo, aliyekuwa akiwaambia watu wa misheni waje na habari zao jioni maana asubuhi ana kazi.

Kwenda nisingeweza. Njia ilikuwa matope, mito imejaa, na tumbo langu lilikuwa limeshuka. Mume wangu naye alikuwa amepelekwa upande wa Zuzu kukata kuni, anarudi jioni tu, na msimamizi Mjerumani hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa. Basi kilichobaki ni kutuma salamu, na mwalimu ndiye angezipeleka.

Hapo ndipo nilipokuwa na jambo moyoni. Nyumbani kwetu mtoto wa kwanza hupokewa na mikono ya mama. Mama yangu hayupo. Shangazi yuko mbali na mgonjwa wa miguu. Nilimtaka mama mkwe. Nilimtaka yeye hasa, na mgongo wake ule na ukimya wake ule, awe ndani ya banda siku hiyo. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Lakini mtu asiyekubali kwamba salamu zangu ni zangu, atakujaje kunipokelea mtoto? Nikaamua: safari hii atanisikia mimi. Hata ikinibidi nifute kibao changu mpaka kitoboke.

Kibao ni kile cha shuleni, cha jiwe jeusi, nilichokuwa nimekuja nacho Dodoma kama watu wengine wanavyokuja na mkeka. Karatasi nilikuwa nayo moja tu, aliyonipa karani, basi nikaona niandike kwanza kwenye kibao, nifute, niandike, hata yatakapotulia ndipo niyahamishe kwenye karatasi.

Maneno ya kwanza yalikuja yenyewe, na yalikuwa ya karani. Mkono wangu uliandika "mama mkwe wangu mtukufu" kabla sijaukataza. Nikafuta. Nikaandika kwamba yeye ni mama bora kuliko wote wa nchi hii. Nikafuta. Siwajui wote wa nchi hii, na yeye anajua kwamba siwajui.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa Kondoa, Mrangi, Mwislamu, mumewe ana duka dogo la chumvi na nguo karibu na reli. Alikuwa mkubwa kwangu, mcheshi, mwenye ulimi. Nilimwita dada. Aliponiona nimeinamia kibao jua zima akaja kuuliza kama nimerudi shule. Nikamweleza. Akasema barua hiyo haitaonwa na macho, itasikiwa na masikio, na tena mbele ya watu, maana siku ya sherehe nani atasomewa barua peke yake? Basi tuisikilize. Akageuza kinu changu, akakikalia, akakunja mikono, akashusha midomo kama mtu aliyeramba ndimu.

"Haya, nimekaa. Mimi ndiye mkweo. Nisomee."

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Yeye hakucheka, alikuwa amekwisha kuwa mkwe. Nikasoma nilichoandika, kwamba ninamheshimu sana, ninampenda sana, ninamwombea sana.

"Sana, sana, sana," akasema. "Unaniuzia nini, binti?"

Alisema kweli. Nilipoyasikia kwa masikio niliona maneno hayo yangeweza kwenda kwa mkwe wa mtu yeyote. Ukibadilisha mama, barua haibadiliki. Nikamuuliza sasa niseme nini. Akauliza kwani huyo mama alinifanyia nini, kitu kimoja tu, kinachoshikika.

Vilikuwepo. Siku ya ugali wangu wa kwanza pale nyumbani, uliokuwa na mabonge, wageni wamekaa, yeye alimega bonge kubwa kuliko yote akala, akaendelea kuzungumza habari za mvua. Usiku niliougua homa alinilaza upande wake wa ngozi. Lakini hayo nikiyaandika yatasomwa mbele ya majirani, na majirani wale walikuwa wageni wa ule ugali. Heshima yake siku ile ilikuwa kutosema. Mimi nitasemaje kwa niaba yake? Nikayaacha.

Kilichobaki ni jiwe. Na hapo, nikiwa na chaki mkononi, nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nakifanya kila siku bila kukifikiria. Huku Dodoma ninasaga peke yangu. Kuparaza ni mimi, kulainisha ni mimi. Na kuparaza ndiko kunakovunja mgongo. Punje nzima inateleza, inaruka, lazima uikandamize kwa uzito wako wote. Kulainisha ni kama kubembeleza. Mwaka mzima, kila asubuhi, yeye alikuwa amechukua sehemu ngumu akaniachia laini, na mimi nilidhani ananiamsha kufanya kazi.

Nikamsomea jirani. Safari hii hakukunja midomo. Akaniambia niendelee.

Nikaandika kwamba hata leo nikimaliza kuparaza hugonga ukingo mara mbili. Hilo lilikuwa kweli. Halafu nikaongeza: lakini hakuna anayekuja. Jirani akanyanyua kidole.

"Hapo sasa unaomba."

Nikasema siombi, ninaeleza. Akasema yeye aliyekaa kwenye kinu ndiye mkwe, na mkwe amesikia anaombwa. Nikakaa na yale maneno matatu. Yalikuwa ya kweli na niliyapenda, yalikuwa yakinitoa machozi mimi mwenyewe. Kisha nikaona ndiyo ubaya wake: yalikuwa yananililia mimi, siku ambayo si yangu. Nikatema mate kwenye kidole nikayafuta.

Jioni mume wangu alirudi kutoka Zuzu na matope mpaka magotini. Nikamsomea. Aliyapenda, lakini akauliza mbona sijamwambia aje. Nikamwambia sitamwambia. Akashangaa. Alisema mwalimu anaondoka kesho kutwa, hakuna mwingine wa kwenda upande ule mpaka mito ipungue, na mimi siku zangu ni hizi. Mstari mmoja tu, mama uje. Kwani ni dhambi?

"Siyo dhambi. Lakini akisomewa salamu halafu chini yake kuna shida, atajua salamu zilikuwa mlango wa shida. Siku anayopewa jina sitampa mzigo."

"Na wewe je?"

Nikamjibu kwamba dada wa Kondoa ameshapokea watoto wengi. Nilijua naye anaogopa. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi kama anayetafuta mdomo wake. Mwisho akasema haya, wewe ndiye unayeandika. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nataka aje, nataka mno. Nikaona akilisikia hilo ataenda kumnong'oneza mwalimu. Nikanyamaza, na mimi kunyamaza ni kazi.

Kulikuwa na zawadi pia, maana kwetu salamu za mkwe haziendi mikono mitupu. Tulikuwa tumechukua merikani nyeupe kutoka dukani kwa mume wa jirani, nikaikunja pindo mwenyewe kwa sindano, avae siku hiyo. Karani alinishauri niitaje zawadi ndani ya barua, na urefu wake, ili isipotee njiani. Ushauri wa mtu wa stesheni, anayeona mizigo ikipotea kila wiki. Lakini sikuitaja. Nguo ataiona mwenyewe. Nikiitaja, mwalimu ataisoma kwa sauti, na itakuwa nimesimama katikati ya watu ninaonyesha nilichotoa.

Siku ya pili mwalimu alikuja kuangalia kama niko tayari, na hapo kukazuka jambo ambalo nusura liharibu yote. Aliniambia jina alilochagua mama. Ni jina la katika Biblia, zuri, lenye sauti ya kuteleza ulimini. Alisisitiza niliandike juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwa kuwa hiyo ndiyo sherehe yenyewe. Furaha ilinipanda. Nikaandika pale pale kwenye karatasi, ile moja niliyokuwa nayo, kwa penseli: Kwa mama, kisha jina.

Nikalitazama. Lilikaa vizuri. Nikaanza kuinakili barua chini yake, na nilikuwa nimefika kwenye salamu za mifugo wakati mkono wangu uliposimama wenyewe.

Mkamwana hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Jina lake la zamani sikuwahi kulitia mdomoni tangu siku nilipoingia kwake. Nilimwita mama, na kwa watu wengine nilimwita mama wa mume wangu. Hata kitu kilichofanana na jina lile, mmea fulani wa mboga, nilikuwa nakiita mboga ya bondeni. Lakini jina hili jipya lilikuja kupitia misheni, katika kitabu, na mimi niliona kama jina la kitabuni halina mkwe. Sasa nikalisikia masikioni mwangu kama litakavyosikika: mwalimu amesimama mbele ya tembe, watu wote wamenyamaza, anasema hii ni barua ya mkamwana, na neno la kwanza linalotoka ni mimi kumwita mama mkwe wangu kwa jina lake tupu, kama ninavyomwita mtoto aliyechezea majivu. Mbele ya wifi zake na wazee. Siku ya kwanza kabisa ya jina hilo, mtu wa kulivunjia heshima awe mimi.

Nikamwambia mwalimu kwamba jina siliweki. Akashangaa kwa upole. Akasema hilo ni jina la ubatizo, halina miiko, mchungaji mwenyewe ataliita mbele ya kanisa zima.

"Mchungaji hajaolewa na mwanawe," nikasema, macho chini.

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akafikiri. Yeye naye ni Mgogo. Mkwe wake nilikuwa sijui anamwitaje, lakini niliona amekumbuka. Akaniuliza sasa utampongeza mtu kwa jina bila kulitaja? Nikamjibu sijui, lakini sitalitaja.

Akaniachia mpaka asubuhi. Nilikwenda kwa karani kuazima mpira wa kufutia. Alinipa, na aliposikia habari yenyewe hakunicheka, akasema kwao pia kuna majina ambayo mtu hayasemi. Nikafuta polepole, nikipuliza, ili karatasi isichubuke. Ilichubuka kidogo. Mpaka leo naamini pale juu palibaki kivuli cha jina.

Kisha nikakaa mlangoni nikaota, kazi ninayoiweza. Nikajiuliza ni nani katika dunia hii atakayeruhusiwa kulisema jina lile apendavyo. Si mimi. Si mume wangu; mtu hamwiti mama yake jina. Nikapeleka mkono tumboni kwa sababu mtoto alikuwa amenipiga teke, na ndipo nikalipata. Mjukuu. Mjukuu kwetu ana ruhusa na bibi yake. Humtania, humwita mke wake au mume wake, humtaja jina akiwa amebebwa mgongoni, na bibi anacheka.

Nilijiuliza sana kama huko nako ni kuomba. Nikaliweka mbele ya jirani juu ya kinu chake. Akasikiliza, akakuna kichwa, akasema: hapa humwombi kitu, hapa unampa mtu wa kumwita. Nikaliacha.

Hii ndiyo barua niliyomkabidhi mwalimu, ninaikumbuka yote kwa sababu ni mimi niliyeitengeneza neno kwa neno:

"Mbukwenyi, mama. Umeamkaje? Walio nyumbani wameamkaje, na mifugo? Sisi tumeamka, mwanao mzima, kazi inamwendea.

Leo ni siku yako. Najua hukusukumwa na mtu kuifikia, maana sijaona mtu wa kukusukuma. Umekwenda kwa miguu yako, na sisi huku tumefurahi.

Mama, hapa nina jiwe langu. Kila asubuhi nikimaliza kuparaza nagonga ukingo mara mbili kama ulivyonizoeza. Sasa naparaza mwenyewe, ndipo nimejua ni sehemu gani ulikuwa unanichukulia. Asante.

Jina ulilopewa nimelisikia, ni zuri. Mimi sitalitaja. Mtoto akijua kusema atalitaja yeye, kwa sauti, mpaka ulichoke.

Na yule mbuzi mwekundu leo ashushwe kwenye paa, wageni wasije wakaona anavyokula nyumba.

Mungu akuweke, mama. Ni mimi mkamwana wako."

Habari za mbuzi mume wangu alitaka niziondoe, eti siku ya ibada. Nilikataa. Mbuzi yule alikuwa anapanda juu ya tembe na kula majani yaliyoota kwenye udongo wa paa, na mama alikuwa akimrushia vijiti huku akimtukana kwa upendo, maneno mengi kuliko aliyonipa mimi mwaka mzima. Nilijua mwalimu akifika hapo watu watacheka, na yeye atapata nafasi ya kucheka nao kabla hajalazimika kuonyesha uso mwingine.

Mwalimu akaondoka na karatasi ndani ya kitabu chake na merikani begani. Jumapili ya Pasaka tulisali sisi wachache wa reli chini ya paa la mabati, mvua ikipiga hata wimbo hausikiki. Niliimba hivyo hivyo. Nilikuwa nimefanya nilichoweza kufanya, na sikuwa najuta, ila mgongo uliniuma.

Wiki ile ilipita na siku tatu za wiki nyingine. Jirani alikuwa ameshaweka wembe mpya na nguo safi nyumbani kwake kwa ajili yangu. Ilikuwa mchana, nimekaa kivulini nachambua mboga, nikaona mtu anakuja kwenye njia ya reli, anatembea juu ya mataruma, anaruka moja moja kama mtoto. Alikuwa na kikapu kichwani, fimbo mkononi, na nguo nyeupe imefungwa kifuani, pindo lake chini limejaa matope. Nililijua pindo lile.

Sikuweza kuinuka haraka. Alifika akasimama mbele yangu, akatua kikapu, akanitazama tumbo kabla ya uso. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza habari zote kwa utaratibu wake, za mwanawe, za majirani, za mvua. Kisha akageuka akaitazama reli.

"Nimekuja kuona hilo gari linalomaliza miti yetu," akasema.

Nikasema litapita jioni, mama. Akasema vizuri, atalisubiri. Akakaa kwenye kinu, kile kile, na jirani aliyekuwa amesimama mlangoni kwake akaziba mdomo kwa mkono akaingia ndani kucheka.

Nikachambua mboga, naye akachukua nusu akaanza kuchambua. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Ile barua nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza watu walicheka habari za mbuzi, sikusikia mwisho. Nani alikutuma kuwaambia watu mbuzi wangu anakula nyumba?"

Nikasema hakuna aliyenituma.

"Ndiyo," akasema. "Nilijua ni wewe."

Hakuna aliyemuuliza amekuja kukaa mpaka lini. Usiku huo mume wangu alipofika na kumkuta, alitoka nje akakaa huko kidogo peke yake. Mtoto alizaliwa siku chache baadaye, mikononi mwa mama, na jirani akishika taa. Ni msichana. Sasa anakimbia, na kila tukienda nyumbani huanza kuliita lile jina tangu kwenye mbuyu wa njia panda, kwa sauti kubwa, na mama anajibu kutoka juu ya paa alikopanda kumfukuza mbuzi.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni alfajiri ya kwanza baada ya yeye kufika. Niliamka kabla ya jogoo. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na ukuta, miguu imevimba kwa safari, amejifunika ile merikani. Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Nikapiga magoti mbele ya jiwe langu, tumbo likiwa limetangulia, nikaparaza uwele mpaka punje zote zikavunjika. Nilipomaliza nikainua lile jiwe dogo kwa mazoea.

Nikalishika hapo juu ya ukingo. Kisha nikavuta ncha ya nguo yangu, nikaikunja chini yake, nikalilaza jiwe juu ya nguo lisigonge.